Sekunde Tano za Kukimbizana Juu ya Mapaa

Msichana mwenye skafu nyekundu anakata mbio juu ya paa la zege. Mbali nyuma yake anamfuata mtu mrefu mweusi, uso hauonekani. Jua limeshuka mpaka usawa wa mabega ya maghorofa, na kamera inakwenda sambamba na msichana kana kwamba imefungwa ubavuni mwa pikipiki: nyaya za umeme zinapita shaa mbele ya macho, mapaa ya jirani yanarudi nyuma taratibu, minara ya mbali haisogei kabisa. Sekunde tano, kipande kimekwisha.

Kukichora kipande hicho kwa mkono, kwa mtindo wa katuni za Kijapani ambazo dunia nzima inaziita anime, ni kazi ya watu kadhaa kwa siku nyingi. Yuko anayechora wahusika, yuko anayepaka mandharinyuma rangi, yuko anayepanga mwendo wa kamera. Siku hizi mtu mmoja anaandika mistari minane ya maneno, anaikabidhi programu ya akili mnemba, anakwenda kuchemsha chai, na akirudi anakuta video iko tayari. Mara nyingi, hata hivyo, anachokikuta sicho alichokiomba. Msichana amesimama tu, nywele zikipepea. Au anakimbia lakini haendi popote. Au ana miguu mitatu.

Tofauti kati ya video ya kwanza na hii ya pili imo katika ile mistari minane, ambayo vijana wa fani hii wanaiita prompti na hapa tutaiita agizo. Watu wengi wanaliandika agizo kama wanavyoandika tangazo la filamu, kwa maneno ya kusifia. Modeli haihitaji kusifiwa kitu. Inahitaji kuambiwa nini kitaonekana ndani ya fremu, kiko upande gani, na kinapita wapi.

Modeli za kazi hii ziko nyingi. Kampuni ya OpenAI iliitangaza Sora Februari 2024, Kuaishou ya China ikaitoa Kling Juni mwaka huohuo, na Google ikaja na Veo. Nyingi zinafanya kazi kwenye kompyuta za wenyewe, na mteja haoni jikoni kunapikwa nini. Kwa hiyo mfano wa hapa utakuwa Wan 2.1, modeli ambayo kampuni ya Alibaba iliiachia hadharani Februari 2025, mtu yeyote aipakue na kuiendesha mwenyewe. Toleo lake dogo linahitaji kadi ya picha yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 na kidogo. Kwenye kadi ya RTX 4090 linatoa video ya sekunde tano, ya ukubwa wa nukta 832 kwa 480, kwa muda wa kama dakika nne. Amri yenyewe haina mbwembwe:

```
python generate.py --task t2v-1.3B --size 832*480 \
  --ckpt_dir ./Wan2.1-T2V-1.3B --offload_model True --t5_cpu \
  --sample_shift 8 --sample_guide_scale 6 \
  --base_seed 42 --prompt "..."
```

Kwenye zile nukta tatu za mwisho ndipo agizo linapoingia. Linaandikwa kwa Kiingereza au Kichina, kwa kuwa hizo ndizo lugha mbili ambazo watengenezaji wa Wan waliikusudia ielewe.

Kinachotokea baada ya kubonyeza ni hiki. Modeli inaanza na chenga tupu, kama zile za televisheni iliyokosa antena. Inazisafisha hatua kwa hatua, na katika kila hatua inajiuliza: kama video hii ingekuwa imeandikiwa maneno haya, chenga zipi zingekuwa uchafu? Inaziondoa hizo, inajiuliza tena. Namba ya `--base_seed` ndiyo inayoamua chenga za kuanzia. Ukiibakiza ileile na kubadilisha neno moja tu katika agizo, unaona neno hilo limefanya nini. Ukiacha namba ijichagulie kila mara, hutajua kamwe kama video imekuwa nzuri kwa sababu ya neno lako au kwa bahati ya mtende kuota jangwani.

Sasa agizo la kwanza, lile ambalo karibu kila mgeni wa kazi hii huanza nalo:

```
anime rooftop chase at dusk, epic, dynamic camera, masterpiece
```

Limetaja kukimbizana juu ya paa wakati wa magharibi, likaongeza kwamba ni jambo kubwa, kamera ichangamke, kazi iwe ya kiwango cha juu. Mara nyingi linazaa mtu mmoja katikati ya fremu, amegeukia kamera au ameipa mgongo, anga la rangi ya chungwa nyuma yake, na kamera ikimsogelea polepole. Si kwamba modeli ni mvivu. Hakuna aliyeiambia wanaokimbia ni wangapi, wanatoka wapi na wanaelekea wapi, basi inachukua picha ya kawaida kuliko zote za "paa" na "magharibi" na kuisogeza kidogo. Yale maneno ya sifa hayana umbo. Hakuna kitu kinachoitwa `epic` ambacho kinaweza kupita kutoka kushoto kwenda kulia.

Basi wanaingizwa watu:

```
A girl in a red scarf runs left to right across flat concrete
rooftops. A man in a red-lined grey coat runs behind her.
```

Hapa mambo yanaanza kuchangamka, na yanaharibika kwa namna mpya. Wekundu unahama. Mwanaume anapata skafu, msichana anapata koti, na mara nyingine wote wawili wanakuwa pacha. Sababu ni kwamba modeli haina daftari la wahusika. Maneno yote ya agizo yanaenea juu ya picha nzima kwa wakati mmoja, na sifa mbili zinazofanana zinavutana. Dawa yake ni kuwatenganisha kwa kila kitu: umbali, ukubwa, rangi na hata kiasi cha maelezo. Msichana apewe sifa moja ya kushika macho, yaani skafu nyekundu. Anayemfukuza asipewe mavazi yoyote. Awe kivuli kirefu cheusi, mdogo kwa sababu yuko mbali: `far behind, a tall black silhouette`. Kwa bahati njema magharibi inaruhusu ujanja huo. Neno la kale la Kijapani la saa hiyo, *tasogare*, limetokana na swali "yule ni nani?", saa ambayo unamwona mtu na humtambui. Makoto Shinkai aliijenga kilele cha filamu yake *Kimi no Na wa* ya mwaka 2016 juu ya saa hiyohiyo.

Halafu kuna miguu.

Anayetaka kuelewa kwa nini miguu ndiyo ugonjwa mkuu wa video hizi na afanye hesabu ndogo. Wan inatoa fremu 16 kwa sekunde, na video ya sekunde tano ina fremu 81. Lakini modeli haizifikirii zote 81. Kabla ya kazi kuanza, muda unafinywa mara nne: fremu ya kwanza inasimama peke yake, zile 80 zilizobaki zinafungwa nnenne katika vifurushi 20. Kwa hiyo ndani ya tumbo la modeli video nzima ina vipande 21 tu. Mtu anayekata mbio kweli hupiga hatua nne hivi kwa sekunde, maana yake kila hatua inachukua fremu nne. Kifurushi kimoja, hatua nzima! Mguu unanyanyuka, unapita, unatua, na yote hayo yamekunjwa ndani ya kipande kimoja. Modeli inapokikunjua inalazimika kubahatisha mguu upi ulikuwa mbele. Ndipo unapoona mguu wa kushoto ukigeuka wa kulia katikati ya hewa, au wa tatu ukichipuka na kutoweka.

Watengenezaji wenyewe wanaujua ugonjwa huu. Wan inakuja na agizo la pili lililofichwa, lile la mambo yasiyotakiwa, ambalo modeli inalikimbia wakati inalifuata la kwanza. Liko kwenye faili la mipangilio kwa jina la `sample_neg_prompt`, limeandikwa kwa Kichina, na wengi wanalinakili kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila kujua linasema nini. Ukilitafsiri, karibu na mwisho unakuta "miguu mitatu", na la mwisho kabisa ni "kutembea kinyumenyume". Orodha hiyo inasomeka kama kumbukumbu ya makosa yaliyowahi kuwakera.

Lakini kwa mtu wa anime orodha hiyo ina mtego. Neno lake la kwanza ni "rangi kali". Mbele kidogo kuna "mtindo", "kazi ya sanaa" na "mchoro". Yaani, wakati agizo lako linaomba mchoro wa mkono wenye anga la chungwa na zambarau, agizo lililofichwa linaiambia modeli ikimbie michoro na rangi kali. Matokeo yake ni katuni iliyofifia, isiyo mchoro na isiyo picha halisi, nyuso zikiwa na ule mng'ao wa plastiki. Mtu anahangaika siku nzima kuongeza maneno ya anime upande mmoja, kumbe tatizo liko upande wa pili. Kwa kazi hii maneno hayo manne yafutwe, miguu mitatu na kinyumenyume vibaki.

Hilo la mambo yasiyotakiwa linafaa lieleweke vizuri, kwa sababu wengi wanalifanya kinyume. Ukiandika ndani ya agizo lenyewe `no cars`, umetaja magari, na mara nyingi magari yatakuja. Anayetaka mapaa matupu aandike mapaa matupu, `empty rooftops`, na magari ayapeleke kwenye ile orodha ya pili.

Turudi kwenye miguu. Kwa kuwa modeli haiwezi kuimudu, njia iliyo bora ni kuipunguzia kazi. Msichana apigwe picha kuanzia magotini kwenda juu, au awe mbali kiasi kwamba mguu wake ni mstari tu, au ukuta mfupi wa ukingo wa paa upite mbele ya nyayo zake. Au aruke. Mruko ni rafiki mkubwa wa modeli hizi: mtu akiwa hewani miguu yake haibadilishani, umbo moja linadumu, na macho ya mtazamaji yako kwenye pengo la uchochoro ulio chini. Katika maisha halisi, kuruka uchochoro wa mita tatu kunachukua chini ya sekunde moja. Katika anime mruko unavutwa, na modeli nayo inauvuta bila kuambiwa.

Sasa kamera, ambayo ndiyo roho ya kipande hiki. Wanaoandika `dynamic camera` au `flowing camera` wanaeleza hisia, na modeli inajibu kwa kuyumbisha picha nzima kama mlevi. Mwendo wa kamera, ukiutazama vizuri, hauonekani wenyewe. Kinachoonekana ni vitu vinavyopita. Mtu aliyekaa dirishani kwenye basi la Morogoro anajua kwamba linakwenda kasi kwa sababu nguzo za kando ya barabara zinamezwa moja baada ya nyingine, mashamba yanapita polepole, na milima ya Uluguru imetulia tuli. Macho yake yanapima kasi kwa tofauti ya tabaka hizo tatu. Wachoraji wa katuni waliligundua hilo kitambo, wakawa wanachora mandhari katika vipande mbalimbali na kuvisogeza kwa kasi tofauti mbele ya kamera. Hata katika *Shingeki no Kyojin*, mfululizo wa studio ya Wit ulioanza 2013 na ambao watu wake wanapaa kati ya mapaa kwa kamba, ule mserereko wa kamera uliowatoa watu jasho ulipatikana kwa kuijenga miji kwa kompyuta ili kuta na mapaa yapite kwa vipimo sahihi, huku wahusika wakichorwa kwa mkono juu yake.

Kwa hiyo agizo la kamera linataja jina la mwendo mara moja tu, halafu linaorodhesha vinavyopita, tabaka kwa tabaka:

```
Side tracking shot, the camera glides alongside her at her speed.
Power lines and water tanks whip past in the foreground,
rooftops slide by behind, distant towers barely move.
```

Mstari wa kwanza unasema kamera inateleza ubavuni mwa msichana kwa kasi yake. Ukiishia hapo, umejitega. Kamera ikienda kwa kasi sawa na mkimbiaji, mkimbiaji anabaki palepale kwenye fremu, na modeli inaweza kuridhika kwa kumweka akikimbia papo kwa papo kama mtu wa mashine ya mazoezi, paa likiwa limeganda chini yake. Mistari miwili inayofuata ndiyo inayomwokoa. Nyaya na matangi ya maji yanapita kwa kasi mbele, mapaa yanateleza nyuma, minara ya mbali karibu haisogei. Modeli ikilazimika kupitisha nyaya, imelazimika kumfanya msichana asafiri.

Mwendo mmoja unatosha kwa sekunde tano. Anayeomba kamera ifuate, ipande juu, imzunguke msichana kisha imsogelee usoni, atapata sehemu ya kila kimoja, na kingo za majengo zitakuwa zikipinda kama mpira. Ndivyo yanavyokuwa matatizo ya tamaa.

Baada ya kamera unakuja mwanga, na hapa lugha inaponza. Kwetu kuna jua la jioni, kuna kuchwa, kuna magharibi yenyewe, kuna utusitusi kabla giza halijaingia. Kiingereza cha maagizo kinavifunika vyote kwa `dusk`, na modeli inachagua inachotaka au inavichanganya: jua linaonekana, nyota zinaonekana, taa za madirisha zinawaka, na vivuli havijulikani vimetoka wapi. Mwandishi wa agizo lazima achague jua liko wapi. Likiwa bado juu kidogo ya upeo, kuna vivuli virefu vyenye ukingo mkali, na hilo linaupendelea sana mtindo wa anime, ambao unapaka kila kitu rangi mbili tu, ya kwenye mwanga na ya kwenye kivuli, na mpaka kati yao ni kama umekatwa kwa wembe. Likiwa limeshazama, vivuli hivyo havipo tena. Kuna maumbo meusi na anga linalong'aa. Kuomba vivuli virefu wakati jua limezama ni kuiomba modeli iseme uongo, nayo itausema vibaya.

Katika mfano wetu jua libaki. Wengi wataandika `the sun is behind her`, jua liko nyuma yake. Hilo ni kosa dogo lenye gharama. Mwanaume naye yuko "nyuma yake". Nyuma ya mtu anayekimbia ni kule alikotoka. Nyuma ya mtu anayetazamwa ni kule ng'ambo yake, mbali na mtazamaji. Kiswahili kina utata uleule, ndiyo maana mwandishi hashtuki. Modeli mara nyingine inaliweka jua upande wa kushoto wa fremu, juu ya kichwa cha mfukuzaji, mara nyingine ng'ambo ya minara, na mara nyingine katika pande zote mbili. Basi jua lifungwe kwenye kitu, lisifungwe kwenye mtu:

```
The sun hangs low over the distant towers. Orange light edges
her hair and shoulder, long hard shadows stretch toward the
camera, violet sky above.
```

Jua likiwa juu ya minara ya mbali, linatoka ng'ambo kuja kwetu. Kwa hiyo ukingo wa nywele na bega ndio unaowaka, na vivuli vinakuja upande wa kamera. Mambo haya matatu yanathibitishana, na kila moja linailinda modeli isilikosee lingine.

Linabaki neno la mtindo. `Anime` peke yake ni pana mno. Linaweza kuleta wanasesere wa kompyuta wenye macho makubwa. Linahitaji kuelezwa kwa vitendo vya mchoraji: mchoro wa mkono wa pande mbili, mistari safi ya wino, vivuli vya rangi mbili, mandharinyuma ya rangi za brashi.

```
2D hand-drawn anime, clean ink outlines, two-tone cel shading,
painted background.
```

Mistari hii inakaa mwanzoni kabisa mwa agizo. Wapo wanaoikatisha njia kwa kuandika jina la studio maarufu. Kiufundi ni karata mbovu, kwa sababu jina linakuja na nyuso za wahusika wa studio hiyo, na msichana wetu anageuka binamu wa mtu mwingine. Kisha kuna suala la haki: Oktoba 2025 shirika la Kijapani la CODA, linalotetea haki za wenye kazi hizo, liliitaka OpenAI iache kutumia kazi za wanachama wake kuifundisha Sora 2 bila ruhusa.

Agizo zima sasa lina mtindo, msichana na mfukuzaji, kamera na tabaka zake, jua na vivuli. Linaendeshwa kwa mbegu tano au sita tofauti, kwa ukubwa mdogo wa 832 kwa 480, na kila video inatazamwa mara mbili. Mara ya kwanza kwa kasi ya kawaida. Mara ya pili fremu moja baada ya nyingine, macho yakiwa kwenye vitu vitatu tu: nyayo, skafu, na nyaya za mbele. Waya ukipinda ukiwa unapita, au tangi likiyeyuka kabla ya kutoka kwenye fremu, kamera imeishinda modeli na kasi ipunguzwe. `whip past` iwe `drift past`. Rangi zikiwa zimeungua, chungwa limekuwa damu na mistari ya wino imenenepa, huenda namba ya `--sample_guide_scale` imepandishwa kupita kiasi. Namba hiyo ndiyo inayoamua modeli ilishike agizo kwa nguvu kiasi gani, na kuipandisha kutoka 6 hadi 10 si utiifu zaidi, ni kukaba koo.

Hata video ikitoka safi, mtu aliyekulia kwenye anime atahisi kitu hakijakaa sawa. Ni laini mno. Katuni za Kijapani zinaonyeshwa kwa fremu 24 kwa sekunde, lakini mhusika hachorwi upya mara 24. Mchoro mmoja unashikiliwa kwa fremu mbili au tatu, kwa hiyo kwa sekunde anachorwa mara 12 au 8. Ubanaji huo wa matumizi ulienea tangu Osamu Tezuka alipoingiza *Tetsuwan Atomu* kwenye televisheni mwaka 1963, na leo ndio unaotupa ile ladha ya mkato kwenye mwendo. Kuandika katika agizo kwamba mhusika achorwe mara nane kwa sekunde hakusaidii, maana modeli haihesabu. Wengi wanajaribu kuikata video yenyewe baada ya kutoka:

```
ffmpeg -i mbio.mp4 -vf fps=8 mbio8.mp4
```

Miguu inapendeza mara moja, hata makosa yake yanajificha. Lakini mandharinyuma nayo inaanza kukwama-kwama, nyaya zinaruka badala ya kupita, na ule mtiririko wa kamera uliotafutwa kwa jasho umekufa. Kwenye anime ya kweli, mchoro wa mhusika ndio unaoshikiliwa. Mandhari chini yake inaendelea kuteleza katika kila fremu. Ni kasi mbili ndani ya picha moja, na modeli inatoa moja. Anayetaka zote mbili lazima amtenge msichana na mandhari kwa programu ya kuhariri, amkate yeye peke yake hadi fremu 8, kisha amrudishe juu ya mandhari iliyoachwa laini. Hiyo ni kazi ya jioni nzima kwa sekunde tano, na kwa maoni ya wengi wanaofanya kazi hii haina faida isipokuwa kwa kipande kimoja au viwili ambavyo msichana anaonekana mkubwa.

Na sekunde tano si kukimbizana, ni mwanzo wake tu. Kuziendeleza, fremu ya mwisho inatolewa na kuwa picha ya kwanza ya kipande kinachofuata, kwa toleo la modeli linalopokea picha pamoja na maneno:

```
ffmpeg -sseof -1 -i mbio.mp4 -update 1 mwisho.png
```

Agizo la kipande cha pili halirudii nguo wala anga, vimo tayari kwenye picha. Linasema kinachotokea tu: anafika ukingoni, anaruka uchochoro, kamera inashuka kidogo na kumtazama kwa chini, taa za madukani zinapita chini yake. Upande wa mbio unabaki uleule, kushoto kwenda kulia, la sivyo mtazamaji atadhani msichana amegeuka na sasa yeye ndiye anayemfukuza mwenzake.

Kipande cha tatu kikichukuliwa kutoka mwisho wa cha pili, rangi zinaanza kuzidi, kwa sababu kila modeli inaposoma picha yake yenyewe inayatilia chumvi makosa yake. Cha nne kinakuwa kama picha iliyotolewa fotokopi ya fotokopi. Hapo mnyororo unakatwa. Kipande kipya kinaanza na picha safi iliyotengenezwa upya, anga lilelile, skafu ileile, msichana akiwa ameshatua kwenye paa la pili, na maungio yanafichwa na kitu kinachopita. Katika sekunde ya mwisho ya kipande cha zamani tangi la maji linapita karibu kabisa na kamera na kuifunika fremu yote kwa weusi. Katika sekunde ya kwanza ya kipande kipya tangi hilohilo linatoka, na nyuma yake msichana bado anakimbia.